Kijana alibonyeza "Continue" tu, na folda yangu ikafunguka

"Fundi, mimi ni mwalimu hapa Kisumu, mtaa wa Migosi. Nyumbani tuna laptopu moja ya Windows 11 na tunaitumia watu wanne. Kila mtu ana akaunti yake, na yangu ina nenosiri ambalo hakuna mwingine analijua. Wiki jana kijana wangu wa Form Three alifungua mtihani niliokuwa nimetunga, uliokuwa ndani ya Documents zangu, naye akiwa kwenye akaunti yake. Anasema alibonyeza Continue tu. Nimeshabadilisha nenosiri. Je, sasa amefungiwa? Na kama akaunti hazizuii, zina kazi gani?"

Mwalimu, bado hajafungiwa. Nenosiri lako linalinda mlango mmoja, ule wa kuingia kwenye akaunti yako, na kijana hakupita hapo. Alibaki kwenye akaunti yake, akafuata njia hadi kwenye folda yako, na Windows yenyewe ikamwandika kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kuifungua. Jina lake liko kwenye orodha hiyo hadi sasa, na litabaki hata ukibadilisha nenosiri mara kumi. Linaondoka ukiliondoa. Ni kazi ya nusu saa hivi, lakini ina mpangilio wake, na ukiuvuruga utajikuta palepale ulipoanzia.

Ukifungua diski ya C utaona folda inayoitwa Users, na ndani yake kila mtu wa nyumbani ana folda yake. Tuseme yako ni C:\Users\Mwalimu. Humo ndimo zilimo Documents, Desktop, Downloads na Pictures zako, pamoja na folda iliyofichwa ya AppData ambamo kivinjari huhifadhi historia na manenosiri yako. Folda hiyo ina orodha ya ruhusa, na tangu siku akaunti ilipozaliwa orodha hiyo huwa na majina matatu: SYSTEM, ambayo ni Windows yenyewe, Administrators, ambalo ni kundi la wasimamizi wa kompyuta, na wewe. Jina la kijana halikuwamo. La baba yake pia halimo.

Sasa tazama lile la katikati. Kwa alivyofungua, kijana wako yumo kwenye kundi la wasimamizi. Akaunti mpya ikitengenezwa kupitia Settings huanza ikiwa ya kawaida, yaani Standard User, kwa hiyo kuna siku mtu aliipandisha. Mara nyingi hutokea pale mtoto anapotaka kusakinisha mchezo, kompyuta inaomba nenosiri la msimamizi kila mara, mzazi anachoka, anampa usimamizi ili yaishe. Pengine ni fundi aliyefanya hivyo wakati wa kuwatayarishia laptopu. Iwe vyovyote, palipo na wasimamizi wanne hakuna chumba kilichofungwa.

Utauliza, kama kundi lake lilikuwa tayari kwenye orodha, mbona Windows ilimsimamisha kwanza na kumwonyesha ujumbe? Hapa ndipo penye siri ya kitufe hicho, na ningependa uielewe vizuri, maana ndiyo inayowakwamisha wengi. Msimamizi wa Windows hutembea na mafungu mawili ya funguo. Kwa kazi za kila siku hushika yale madogo, yasiyo na ufunguo wa usimamizi, ili programu mbaya ikimponyoka isiharibu kompyuta nzima. Yale makubwa yako mfukoni, na hutolewa kwa kazi maalumu tu. Kijana alipogusa folda yako alikuwa ameshika yale madogo, ndiyo maana alisomewa hivi:

```
You don't currently have permission to access this folder.
Click Continue to permanently get access to this folder.
```

Neno la kushika hapo ni permanently: moja kwa moja, bila mwisho. Alipobonyeza Continue, Windows ilitoa yale makubwa mfukoni, lakini haikumfungulia mlango aingie mara moja kisha ikaufunga. Iliongeza jina lake mwenyewe, si la kundi, kwenye orodha ya folda yako. Kuanzia hapo hahitaji tena kuwa msimamizi ili aingie. Ni kama askari wa lango aliyeona ni usumbufu kumfungulia mgeni kila siku, akamchongea ufunguo wake.

Nilijifunza uzito wa jambo hili nikiwa Nakuru, kwenye nyumba moja ya Section 58. Mama mwenye nyumba ni mweka hazina wa chama chao, na binti yake alikuwa amefungua jedwali la michango na kulipiga picha. Nilikuja jioni, nikamshusha binti kutoka msimamizi hadi mtumiaji wa kawaida, nikamwonyesha mama kwamba sasa binti hawezi hata kusakinisha programu, nikaenda zangu nikijua nimemaliza. Baada ya siku tatu mama akanipigia: binti bado anafungua jedwali lilelile, na safari hii hata ujumbe haumtokei. Nilirudi, nikasoma orodha ya ruhusa za folda, nikakuta jina la binti limekaa chini ya la mama. Nilikuwa nimemnyang'anya cheo nikamwachia ufunguo. Mama yule alikuwa ameniamini akaendelea kuandika michango ya watu humo siku zote hizo tatu, na jambo hilo liliniuma. Tangu siku hiyo siondoki kwa mtu kabla sijasoma orodha.

Wewe pia anza kwa kusoma. Ingia kwenye akaunti yako, bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, kisha ufungue Command Prompt. Andika hivi, ukiweka jina halisi la folda yako:

```
icacls C:\Users\Mwalimu
```

Folda ambayo haijaguswa hujibu kwa mistari mitatu inayofanana na hii:

```
C:\Users\Mwalimu NT AUTHORITY\SYSTEM:(OI)(CI)(F)
                 BUILTIN\Administrators:(OI)(CI)(F)
                 LAPTOPU\Mwalimu:(OI)(CI)(F)
```

Neno la kwanza katika mstari wa mwisho ni jina la kompyuta. Herufi za kwenye mabano zisikutishe. Tazama majina tu. Ukikuta mstari wa nne wenye jina la kijana, huo ndio ufunguo wake. Na ukikuta jina la mtu usiyemdhania, vuta pumzi kabla ya kumkabili, kwa sababu mstari huo unasema tu kwamba akaunti hiyo ilipewa ruhusa. Hausemi ni nani aliyekuwa amekaa kwenye kiti siku hiyo, wala ni faili gani aliyoifungua.

Halafu uliza kundi la wasimamizi lina nani:

```
net localgroup Administrators
```

Utaona majina ya watu wenu, na pia jina Administrator, akaunti iliyokuja na Windows. Hiyo ya mwisho huwa imezimwa tangu mwanzo, iache ilivyo. Cha kuangalia ni jina la ajabu kama User au HP. Laptopu nyingi tunazonunua huku zimetumika ng'ambo, na anayezisafisha kabla ya kuziuza pengine huacha akaunti moja ya usimamizi isiyo na nenosiri. Akaunti kama hiyo ikiwepo, yeyote anayeiwasha kompyuta anaweza kuingia kwayo na kufika popote, na kila kitu nitakachokueleza hapa chini kitakuwa kazi bure. Iwekee nenosiri kwa net user ikifuatwa na jina lake na nyota, ndani ya Command Prompt iliyofunguliwa kwa Run as administrator kama nitakavyokuonyesha hapa chini, au kama hakuna anayeitumia na haina faili za mtu, iondoe.

Sasa marekebisho. Nyumba yenye kompyuta moja inahitaji msimamizi mmoja ambaye si mtu: akaunti ya tano, isiyotumiwa kuandika barua wala kutazama video, ya kufungulia kazi za usimamizi tu. Mimi huiita Funguo. Tafuta tena Command Prompt, lakini safari hii ibonyeze kwa kitufe cha kulia cha kipanya na uchague Run as administrator, kisha:

```
net user Funguo * /add
net localgroup Administrators Funguo /add
```

Nyota inaifanya Windows ikuombe nenosiri mara mbili. Hutaona herufi zikitokea unapoandika. Ndivyo ilivyo, endelea tu. Nenosiri hilo liandike kwenye karatasi, weka unapoweka vyeti vyako. Kisha toka, ingia kama Funguo, uhakikishe inafunguka. Usiruke hatua hii. Ukiwashusha wengine wote kabla ya kujua kama Funguo inaingia, na kumbe nenosiri ulilikosea, hutabaki na msimamizi hata mmoja, na hapo ni kazi kubwa.

Ukiwa ndani ya Funguo, nenda Settings, halafu Accounts, halafu Other users. Chagua akaunti ya kijana, bonyeza Change account type, weka Standard User. Fanya hivyo kwa dada yake, kwa baba watoto, na kwako wewe mwenyewe. Najua la kwako litakukwaza kidogo. Lakini ukibaki msimamizi, siku utakayoacha akaunti yako wazi ukienda kutazama chungu jikoni, aliyekaa hapo atakuwa na nyumba nzima mikononi. Kisha kijana wako naye ana folda yake. Ana umri wa kuwa na barua na picha ambazo si za kusomwa na kila mtu, na akijua kwamba ukuta unamlinda naye, hatakuwa na hamu ya kuubomoa.

Wote wakishashuka, ndipo uondoe jina lake kwenye orodha. Ukianza na hili kabla ya kumshusha, atabonyeza Continue tena kesho na jina litarudi. Bado uko ndani ya Funguo, fungua Command Prompt kwa Run as administrator:

```
icacls "C:\Users\Mwalimu" /remove "Kijana" /T /C
```

Badala ya Kijana weka jina la akaunti yake kama lilivyoandikwa kwenye orodha. Kama hulijui, andika net user, utayaona yote. /T inaiambia amri ishuke hadi kwenye folda za ndani, na /C inaiambia isisimame ikikwama kwenye faili moja. Itakwama kwenye chache za mfumo na kuandika Access is denied. Hilo halina shida. Ikimaliza, soma orodha tena kwa icacls. Mistari iwe mitatu. Mahali pa pili pa kusoma ni folda aliyofungua yenyewe, yaani C:\Users\Mwalimu\Documents, na ile ya mitihani ndani yake, kwa sababu pengine alibonyeza Continue zaidi ya mara moja njiani.

Uthibitisho wa mwisho haufanyiki kwako, unafanyika kwake. Mwite, aingie kwenye akaunti yake mbele yako, ajaribu tena. Ujumbe utatokea kama zamani na kitufe cha Continue kitakuwepo, usishtuke. Akikibonyeza sasa, Windows itaomba nenosiri la Funguo. Hapo ndipo ukuta ulipo. Na siku akikuomba uandike nenosiri hilo kwa ajili ya programu ya shule, soma kwanza kilichoandikwa kwenye kisanduku. Ukiliandika kwenye kisanduku kilichotokea baada ya Continue, umemfungulia.

Kuna jambo ambalo hukuliuliza lakini litakuuma usipolijua. Ukuta huu umejengwa kuzunguka C:\Users peke yake. Laptopu nyingi zina diski ya D, na watu wamezoea kuweka humo vitu vya maana kwa sababu fundi aliwaambia D haifutiki Windows ikisakinishwa upya. Hilo lina ukweli, ila kwa mpangilio wa kawaida wa Windows kila mwenye akaunti kwenye kompyuta anaweza kufungua, kubadilisha na hata kufuta kilichoko D. Vivyo hivyo folda uliyoitengeneza juu kabisa ya C, mfano C:\Mitihani. Hakuna Continue, hakuna ujumbe, inafunguka tu. Flashi nazo nyingi zimepangwa kwa exFAT au FAT32, mipangilio isiyojua ruhusa za mtu kabisa. Aliyeichomeka ndiye mwenye nayo.

Kwa hiyo kama una mitihani D, ilete ndani ya Documents zako. Inakili, hakikisha nakala inafunguka, halafu ufute ile ya zamani na usafishe Recycle Bin. Nasema kunakili, na sisemi kuhamisha, kwa sababu nakala mpya huzaliwa na ruhusa za folda iliyoingia, ilhali faili inayohamishwa ndani ya diski ileile inaweza kuja na ruhusa zake za zamani. Kuhusu vitu mnavyotaka wote muone, kama picha za harusi ya shangazi au ratiba ya shule, viweke C:\Users\Public. Hiyo iko kwa ajili hiyo, na kila akaunti inaifikia bila kuombana.

Akaunti zina kazi, basi, lakini ni ukuta wa wakati kompyuta imewaka na Windows ndiyo mlinzi. Mtu akiiwasha kwa flashi yenye Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, au akiitoa diski na kuichomeka kwenye kompyuta nyingine, zile orodha hazina wa kuzisimamia na faili zako zinasomeka kama kitabu. Kijana wa Form Three mwenye ari anaweza kujifunza hilo kwa wikendi moja. Kinachozuia hapo ni kuificha diski yote kwa msimbo. Ukiwa Funguo, tazama Settings, kisha Privacy & security, kisha Device encryption. Si kila laptopu inayo. Ukiikuta imewashwa, au ukitaka kuiwasha, kwanza hakikisha una ufunguo wa kuokolea, wenye tarakimu 48, na umeuandika kwenye karatasi ileile ya Funguo. Siku kompyuta itakapouomba na wewe huna, hakuna fundi wa Kisumu wala wa Nairobi atakayekurudishia faili hizo.

Kwa mtihani ambao bado haujafanywa, mimi nisingetegemea akaunti peke yake. Ukiwa ndani ya Word, nenda File, Info, Protect Document, halafu Encrypt with Password, uupe nenosiri lake. Word ya 2016 na za baadaye huifunga faili yenyewe kwa msimbo wa AES wa biti 256, na kufuli hiyo huenda na faili popote: D, flashi, hata barua pepe. Haijali nani ni msimamizi. Chagua nenosiri refu la maneno manne hivi yasiyohusiana, si jina la shule na mwaka, kwa maana wanafunzi huanza na hilo. Ukilisahau mtihani umepotea, hivyo nalo liende kwenye karatasi.

Na kila unapoinuka, hata kama ni kwenda kupokea maji mlangoni, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na L. Skrini itafungwa, kazi yako itabaki ilivyo, na kijana anaweza kuingia kwake pale pale bila kukugusa. Leo usiku, kabla ya yote, anza na ile icacls ya kwanza. Ukikuta mistari zaidi ya minne, nakili majina uliyoyaona uniandikie, nitakwambia ni yapi ya Windows yenyewe na ni yapi ya kuondoa.